Mswaki wa mti ulivyonila ufizi, na nilivyojifunza kuutumia

Nina cherehani yangu Buguruni, kwenye baraza ya nyumba ya mjomba, na kwa miaka kama kumi na miwili sikuwahi kushona bila kijiti mdomoni. Nilikuwa nanunua nje ya msikiti Ijumaa baada ya swala, au kwa kaka wa Kimasai anayepita na fungu la miti kwapani. Mswaki wa plastiki nilikuwa nao, ila ulikaa kwenye kikombe bafuni kama pambo. Nilijua ninachokijua: babu alikufa na meno yake yote, na babu hakuwahi kununua dawa ya meno.

Kilichoniamsha ni maji ya barafu. Siku moja ya joto, Januari, nikapiga funda na jino la juu upande wa kulia likanipiga shoti mpaka nikautoa mguu kwenye pedali. Nikadhani limetoboka. Nyumbani nikajitazama kwenye kioo, tobo sikuliona. Nilichoona ni kwamba chonge la kulia limekuwa refu kuliko la kushoto. Mke wangu akacheka, "Baba Salma, unaota meno uzeeni?"

Tabibu wa meno niliyemwendea, mama wa makamo, alinisikiliza, kisha hakuniuliza napiga mswaki mara ngapi. Alisema, "Huo mti unao hapo? Hebu nionyeshe unavyopiga." Nikautoa mfukoni, nikaanza: kulia kushoto, kulia kushoto, kwa nguvu, kama ninavyofanya kila siku nikisubiri pasi ipate moto. Akaniacha kidogo, akasema, "Fundi, hapo husafishi, unapiga msasa."

Jino halikuwa limerefuka. Ufizi ndio uliopanda juu na kuliacha shina lake wazi, na shina halina lile gamba gumu linalofunika jino kwa nje, ndiyo maana baridi inapenya. Kwenye shingo ya jino palikuwa na kijishimo ambacho ukucha unakwama. Akaniambia wazi kwamba ufizi uliokwisha kupanda haurudi wenyewe. Kilichobaki ni kuuzuia usiendelee. Kwa nini chonge la kulia tu? Kwa sababu nashikia mti mkono wa kushoto, wa kulia uko kwenye kitambaa, na ncha ya mti inalalia palepale kutwa nzima. Na alisema mswaki wa plastiki wenye nywele ngumu, ukisuguliwa hivyohivyo, unaleta kidonda kilekile.

Kisha akanipa kioo kidogo nitazame nyuma ya meno ya mbele ya chini. Ukuta wa ugaga, wa rangi ya chai ya maziwa. Ule ni ukoga laini ulioachwa mpaka ukagandishwa na madini ya mate, na ukishakuwa jiwe hakuna mti wala plastiki ya kuuondoa. Aliukwangua yeye kwa chombo.

Hapo ndipo nilipoelewa tofauti ya vyombo hivi viwili, na nashangaa sikuiona mapema. Nyuzi za mti zinaelekea mbele, sawasawa na mpini, kama ufagio wa chelewa. Nywele za mswaki wa dukani zimesimama kukatisha mpini, kama brashi ya nguo. Kwa hiyo mti unafika vizuri mbele na nje, lakini upande wa ndani na kwenye magego ya mwisho lazima uupindishe mkono kwa makusudi. Mtu anayetafuna huku akipiga soga hafanyi hivyo.

Sikutaka kuamini tu, nikajipima. Mke wangu anapika keki, nikachukua matone mawili ya rangi nyekundu ya chakula, nikachanganya na maji kijiko kimoja, nikasukutua, nikatema, nikasuuza mara moja. Rangi inang'ang'ania ukoga. Jioni ya kwanza nilipiga mti kwa mazoea yangu: mbele peupe kabisa, ndani pekundu kama nimekula ubuyu. Jioni ya pili nikatumia mswaki wa plastiki harakaharaka: ndani pakatakata, lakini mstari mwekundu ukabaki pale jino linapokutana na ufizi, magego yote. Jioni ya tatu nikatumia mti taratibu, jino kwa jino, ndani na nje. Nilitumia kama dakika sita, na wekundu ulibaki sehemu chache sana. Kwa hiyo mti unaweza, ila unataka subira ambayo mimi sikuwahi kuupa.

Na mti wenyewe una mambo yake. Ule wa mswaki hasa, ambao Waarabu wanauita araki, una ule ukali kama haradali, na huo ukali unapunguza baadhi ya vijidudu vya mdomoni. Shirika la Afya Duniani tangu miaka ya 1980 limeunga mkono miswaki ya miti kwa watu walioizoea. Ila kitu kimoja hauna cha kutosha, nacho ni floraidi, madini yanayolifanya jino listahimili asidi ya sukari. Hiyo iko kwenye dawa ya meno. Tazama ubavuni mwa boksi, kwa mtu mzima iwe kati ya 1000 na 1500 ppm. Babu yangu hakuihitaji sana kwa sababu hakunywa soda mbili kwa siku. Mimi nakunywa.

Basi ninavyofanya sasa ni hivi. Asubuhi, na usiku kabla ya kulala, mswaki wa plastiki wenye nywele laini, dawa kiasi cha punje ya njegere. Naulaza mshazari, nusu kwenye jino nusu kwenye ufizi, naugeuza kwa miduara midogo kwa dakika mbili, natema povu na sisukutui kwa maji, ili floraidi ibaki. Hilo la kutosukutua lilinishinda wiki nzima.

Mchana, na Ramadhani ninapofunga, ni mti. Nachagua mbichi unaopindika bila kukatika, unene wa kidole kidogo. Ukiwa umekauka naulowesha kwenye maji kwa saa chache. Ukilala humo siku nzima ukali wote unabaki majini. Nakwangua gome sentimita moja tu, natafuna ncha taratibu mpaka nyuzi zilainike, zikinichoma ulimi bado hazijawa tayari. Halafu naanzia kwenye ufizi kwenda ncha ya jino: ya juu navuta chini, ya chini napandisha juu, bila kukata msumeno. Nikimaliza nauweka kwenye kopo, haukai tena mdomoni nikishona. Kesho yake nakata zile nyuzi kwa mkasi na kuanza ncha mpya. Na sivunji tawi la mti nisioujua, maana miti mingine ina sumu.

Ufizi uliokuwa ukitoka damu nikitema uliacha kwenye wiki ya pili hivi. Mjomba anasema nimekuwa mzungu. Chonge langu bado ni refu, na maji ya barafu nakunywa kwa upande wa kushoto.