Dumu la uani

Mfereji umekauka tangu juzi hapa Wete, nikalikumbuka dumu la lita 20 nililolijaza wiki sita nyuma nikaliacha uani, juani.

Nikamimina gilasi. Maji meupe pe! Nikapiga funda moja: ladha ya udongo, na kwa mbali harufu ya kidimbwi.

Bibi akaniambia, "Usimeze, mwanangu. Tia kidole ndani ya mdomo wa dumu."

Nikatia. Utelezi, kama mgongo wa kambare. Kumulika kwa tochi ya simu, ukuta wa ndani una rangi ya kijani.

Dumu la njano hupitisha mwanga, na mwani hupenda mwanga. Dawa ya klorini nayo huisha nguvu kadiri siku zinavyopita. Ule utelezi ni makazi ya vijidudu, kwa hiyo hata ukimwaga na kujaza maji mapya, yatachafuka tena.

Maji nimemwagia migomba. Dumu nimelitia mchanga, sabuni na maji kidogo, nikalitikisa mpaka mikono ikaniuma (na bado kidole kinanuka).

Nyinyi madumu yenu mnayaweka wapi? Mmeshatia kidole?