Paitoni kwenye simu, bila kompyuta

Leo jioni mdogo wangu ameandika programu yake ya kwanza kwa Paitoni, lugha ya kuandikia programu, kwenye simu ya Android.

Kompyuta hatuna. Masomo anasoma kwenye Sololearn, kisha mazoezi anafanya kwenye Pydroid 3. Hii ya pili naipenda zaidi, kwa sababu ukishaipakua inaendesha Paitoni humo humo kwenye simu, hata bando likiisha. Juu ya kibodi ina mstari wa alama kama mabano na nukta pacha, kwa hiyo huhangaiki kuzitafuta.

Alitaka kupiga hesabu ya vitenge vitatu vya mama:

```
bei = input("Bei: ")
print(bei * 3)
```

Akaandika 5000. Jibu likaja 500050005000!

Tukatazamana. Kumbe `input` hupokea kila kitu kama maandishi, na maandishi ukiyazidisha yanajirudia tu. Tukabadilisha mstari wa kwanza, `int` igeuze maandishi yawe namba:

```
bei = int(input("Bei: "))
```

15000. Alivyoruka huyo mtoto, jamani!

Kwa kazi ndefu kioo kinabana, hilo kweli.

Nyie mnaojifunza kwa simu, mnatumia programu gani?