Milimita 15 za leo

Mvua imekatika sasa hivi. Kipimo cha mvua uani kinasoma milimita 15.

Niliona ni kidogo, mpaka nikapiga hesabu. Milimita 1 ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili.

Paa langu limefunika mita 10 kwa 6 (pima chini, usifuate mteremko wa bati). 60 mara 15, lita 900!

Lakini tangi limepanda lita 600 tu.

Bati hupoteza maji kidogo, ila si lita 300. Nikapanda ngazi: majani yameziba gata. Maji yalikuwa yakimwagika ukingoni, na chini yamechimba udongo mstari mzima. Imeniuma.

Kwenu leo milimita ngapi, na tangini zimeingia lita ngapi?