Uso wa kuazima: kusawazisha kufifia kwa mwanga kwa mkono

Picha ya kikundi, mtu mmoja amefumba macho. Kwenye Photoshop naazima uso wake kutoka picha nyingine ya siku hiyohiyo, ila humo alikuwa amesimama karibu zaidi na taa. Ukipunguza mwanga wa uso mzima, bado unaonekana umebandikwa. Kosa liko kwenye mteremko wa mwanga kutoka shavu hadi shavu.

Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa mraba wa umbali. Uso una upana wa sentimita 15 hivi. Mtu akiwa mita 1 kutoka kwenye taa iliyo ubavuni, shavu la mbali hupata takriban robo pungufu ya mwanga wa shavu la karibu. Akiwa mita 3, upungufu huo ni kama sehemu moja kwa kumi tu. Kwa hiyo uso uliopigwa karibu na taa una mteremko mkali, na mwili unaoupokea una mteremko wa polepole. Kupunguza mwanga wote kwa pamoja hakuondoi tofauti hiyo.

Uso wenye macho yaliyofumba usiufute, kwani ndio kipimo chako bora: uko kwenye mwanga uleule unaoutafuta. Kabla ya kuufunika, naweka alama tatu kwa Color Sampler Tool, nikiwa nimechagua 31 by 31 Average ili vinyweleo visinidanganye: shavu la upande wa taa, katikati ya paji, shavu la mbali. Kwenye Info nasoma G tu, maana kijani ndicho kinachobeba sehemu kubwa ya mwangaza. Tuseme nimepata 168, 158 na 146. Kisha naweka uso wa kuazima, naulinganisha kwa macho na mdomo, na kuhamishia alama sehemu zilezile za ngozi. Sasa zinasoma 190, 172 na 152.

Kwanza naweka Curves moja juu ya uso huo peke yake (Ctrl+Alt+G huibana kwenye leya ya chini yake) na kushusha hadi paji lisome 158. Mashavu sasa yanasoma 175 na 140. Hapo kazi ya mkono inajitokeza yenyewe: shavu la karibu lishuke 7, la mbali lipande 6, paji lisiguswe.

Naongeza Curves mbili nyingine, zimebanwa vilevile, moja ya kutia giza na moja ya kung'arisha. Kila moja nausogeza mstari wake katikati kidogo tu, kisha nageuza maski yake kuwa nyeusi kwa Ctrl+I. Ile ya giza naiweka Luminosity, la sivyo ngozi huiva wekundu kadiri inavyoingia gizani. Napaka kwa brashi nyeupe, Hardness 0, Flow 3%, upana wa nusu ya uso. Naanzia nje ya sikio na kuvuta kuelekea pua, nikiishia kabla ya kuifikia, ili rangi irundikane ukingoni na kupungua yenyewe katikati. Baada ya kila mikupuo mitatu au minne nasoma Info tena.

Gradienti ya moja kwa moja ingekuwa ya haraka, lakini huuchukulia uso kama ubao bapa. Uso una pua iliyochomoza na macho yaliyozama, na ubavu wa pua unaotazama taa hupokea mwanga zaidi kuliko ngozi iliyo nyuma yake. Hapo narudi na brashi ndogo, ya upana wa pua, kwa mikupuo michache.

Ili kuona makosa, naweka Black & White juu ya kila kitu, juu yake Curves yenye mwinuko mkali, kisha naitazama picha kwa 25%. Madoa yakijitokeza, ujue brashi ilikuwa ndogo au Flow kubwa. Gaussian Blur ya pikseli 20 hadi 40 kwenye maski huyalainisha. Mstari ukionekana chini ya taya, linganisha taya na shingo, kwa kuwa alama tatu za juu hazikukuonyesha sehemu hiyo.

Mng'ao wa jasho kwenye paji usiutie giza: hugeuka kijivu kama majivu. Ufunike kwa ngozi ya jirani. Tazama pia kivuli cha pua. Kikianguka upande usiolingana na vivuli vya wenzake pichani, taa ilikuwa upande mwingine, na hakuna brashi itakayokihamisha. Hapo natafuta picha nyingine ya kuazima uso.