Kosta ya tano: hesabu iliyotufanya tuweke gari la akiba

Nasimamia Kosta nne zinazobeba wafanyakazi wa kiwanda kilichopo Barabara ya Nyerere, kutoka Mbagala, Gongo la Mboto, Kimara na Tegeta. Kila alfajiri fundi huwasha magari yote yadini na kuandika kwenye daftari: lipo tayari au halipo. Gawanya siku za "lipo" kwa siku zote, unapata upatikanaji wa gari hilo. Magari yetu yalicheza kwenye 0.9.

Mkataba unataka yote manne yatoke, kwa hiyo yako kwenye mfuatano: moja likilala, kuna abiria wanaoachwa kituoni. Kwenye mfuatano unazidisha: 0.9 × 0.9 × 0.9 × 0.9 = 0.656. Karibu asubuhi moja katika kila tatu inaharibika.

Hata ndani ya gari ni hivyohivyo. Kosta zetu zinatumia volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofuatana. Moja ikifa, stata haizunguki hata kama ya pili ni mpya.

Gari la tano lenye ubora uleule linaingia sambamba. Sasa tunahitaji manne yoyote kati ya matano. Uwezekano wa yote kuwa salama ni 0.590, wa moja tu kuharibika, lolote lile, ni 5 × 0.9⁴ × 0.1 = 0.328. Jumla 0.918. Kufika hapo bila gari la akiba, kila moja ya zile nne ingebidi ifike karibu 0.98, yaani siku za kulala zipungue hadi takriban moja ya tano. Kwa Kosta za zamani, mimi naona gari la akiba ni njia rahisi zaidi.

Lakini gari lisilotembea huoza haraka. Betri inashuka, na mafundi wanachomoa spea zake "kwa leo tu". Likibaki na 0.6, jumla inaanguka hadi 0.831. Ndiyo maana hatuna gari maalumu la akiba: kila wiki linapumzika tofauti, na sevisi yake hufanywa wiki hiyo. Asubuhi tunapima kila betri kabla ya kuwasha. Ikitulia kwenye volti 12.6 imejaa, ikiwa 12.2 imebaki kama nusu na inakwenda chaji.

Hesabu hii inadai pia kwamba magari yasiharibike kwa sababu moja. Dizeli yenye maji ikiingia yote matano siku moja, la akiba nalo litazima. Kwa hiyo linalopumzika tunalijazia kituo kingine cha mafuta.

Na linaokoa safari tu kama ubovu umeonekana yadini. Kosta ikizimika Tegeta abiria wakiwa ndani, la akiba litakwama kwenye foleni ya Mwenge. Kuwasha yote saa kumi alfajiri, dakika thelathini kabla ya kutoka, ndiko kunakotupa nafasi ya kubadilisha.