Nilivyochora ramani ya duka la dada yangu

Dada yangu ana duka la rejareja mjini Morogoro, kwenye fremu ya kupanga yenye upana wa mita 3.6 upande wa barabarani na kina cha mita 4.8. Alikuwa akilalamika kwamba duka ni dogo na kwamba jioni wateja wanajazana mlangoni, na alikwisha kuanza kuulizia fremu kubwa zaidi. Nilimwomba aniachie kwanza jioni mbili nilichore, kwa kuwa nilishuku tatizo halikuwa ukubwa.

Nilichagua skeli ya 1:20, ambayo kwayo mita moja ya sakafu huwa sentimita 5 za karatasi, na chumba chote hutoshea kwenye karatasi ya grafu ya A4 kikiwa sentimita 18 kwa 24. Nilijaribu kwanza 1:50, lakini shelfu yenye kina cha sentimita 40 ikawa milimita 8 tu, nami nikaona kosa dogo la penseli lingebadilisha kila kitu.

Kupima kuta nne hakukunichukua muda, na kila ukuta ulilingana vizuri na ule unaoukabili. Hapo ndipo wengi huchora mstatili na kuendelea. Mimi nilipima pia ulalo, yaani kutoka kona hadi kona, mara mbili. Chumba chenye kona mraba chenye vipimo vile kingekuwa na ulalo wa mita 6.00 pande zote mbili, lakini mimi nilipata 6.06 na 5.94. Maana yake chumba kilikuwa kimelala upande kama boksi lililosukumwa, kiasi cha sentimita saba na nusu hivi katika upana wote. Kwa hiyo niliweka rula pembeni nikatumia bikari: nilichora ukuta mmoja, kisha nikapata kila kona mahali tao la urefu wa ukuta lilipokatana na tao la ulalo.

Vyombo vya dukani sikuvichora moja kwa moja kwenye karatasi hiyo. Nilivikata kwa kadibodi nyembamba ili niweze kuvisogeza: kaunta ya mita 3 kwa sentimita 60, shelfu za ukuta wa nyuma, na friji, ambayo niliichorea pia duara la mlango wake ukiwa wazi, kwa sababu friji iliyofungwa haionyeshi nafasi inayohitaji. Wateja niliwawakilisha kwa vizibo vya soda. Kizibo kina upana wa karibu sentimita 3, ambazo kwa skeli hiyo ni sentimita 60, nafasi ya mtu aliyesimama na kikapu chake.

Jioni iliyofuata nilikaa pembeni kuanzia saa kumi na moja hadi saa kumi na mbili, nikimchorea kila mteja mstari wa penseli kutoka mlangoni hadi aliposimama. Wateja 31 waliingia, na 14 kati yao walikuja kutuma au kutoa pesa kwa simu. Hao ndio waliokaa muda mrefu, na wote walisimama kwenye ncha ya kushoto ya kaunta, mkabala na mlango, kwa sababu simu na daftari vilikaa hapo. Mnunuzi wa sukari alisubiri nyuma yao, yaani kizingitini.

Ramani ilionyesha na jambo la pili. Kaunta ilikuwa mita 1.5 tu kutoka ukuta wa mbele. Ukitoa kaunta yenyewe na shelfu, muuzaji alibakiwa na mita 2.3 za kutembea peke yake.

“Kumbe mimi ndiye niliyejipa ukumbi,” alisema dada alipoziona kadibodi.

Tulirudisha kaunta nyuma mita moja. Wateja wakapata mita 2.5, muuzaji mita 1.3, na mlango wa friji ukafunguka bila kumbana. Simu ilihamia ncha ya kulia, mzani ukakaa kushoto.

Fundi seremala alitaka kunyoosha kaunta kwa kigwanya, kifaa chake cha kupimia kona mraba, kutoka ukuta wa pembeni. Nilimwonyesha ule ulalo: kwa njia yake, ujia wa muuzaji ungekuwa mita 1.3 upande mmoja na karibu 1.24 upande mwingine. Alipima basi kutoka ukuta wa nyuma, kwenye ncha zote mbili.

Kitu kimoja nilikikosea. Nafasi ya sentimita 60 ya kupita nyuma ya kaunta iko kulia, pale pale walipohamia wateja wa simu, hivyo magunia ya unga huingizwa asubuhi tu kabla hawajaanza kuja. Nilikuwa nimefuatilia nyayo za wateja na kusahau za mchukuzi.