Sekunde ya ishirini na mbili

Mwaka 2022 nilikuwa na chaneli ndogo ya YouTube ya mambo ya jikoni na sokoni, na nilikuwa na hakika kwamba adui yangu ni bando. Watu wa kwetu, nilikuwa nasema, wanafungua video, wanaona MB zinaisha, wanafunga. Imani hiyo iliniliwaza kwa muda mrefu, kwa sababu bando si kosa langu.

Kisha nikatoa video ya dagaa. Ilikuwa ya dakika nane na sekunde ishirini, niliyoirekodi kwenye soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, pamoja na mama mmoja anayeuza kwa sado. Kichwa chake kilisema namna ya kuwatambua dagaa wasio na mchanga. Wanaonunua dagaa wa ziwa wanajua uchungu huo: waliokaushwa juu ya chanja ni wasafi, waliomwagwa mchangani pale ufukweni wanakukwaruza meno hata ukiwaosha mara tatu. Mama alikuwa na kipimo chake. Alichota konzi ya dagaa, akaitia kwenye bakuli jeupe la maji, akasugua kwa vidole, akainua dagaa wote. Chini ya bakuli kikabaki kivuli cha kahawia. Akaniambia, "Mwanangu, huo ndio mchanga wako. Umeununua kwa bei ya dagaa."

Siku ya kwanza grafu ya watazamaji wanaobaki ilikuwa kama meno ya msumeno. Sikuisoma, na nilifanya vizuri, maana walioangalia walikuwa kama arobaini tu, wengi ndugu niliowatumia kiungo WhatsApp. Ndugu anafungua, anaweka alama ya dole, anaondoka. Nilisubiri mpaka watazamaji walipopita elfu moja, ndipo Jumapili moja jioni nikaifungua YouTube Studio nyumbani Nyakato, na mpwa wangu anayefanya kazi kwenye steshenari akaja kukaa pembeni.

Mstari unaanza juu, kwenye asilimia mia, na kila hatua ya kulia ni wakati kwenye video. Unaonyesha, kati ya mara zote video ilipofunguliwa, ni sehemu gani bado ilikuwa inatazamwa wakati huo. Wa kwangu ulikuwa na ngazi mbili. Ya kwanza ilikuwa hapo hapo mwanzoni: ndani ya sekunde nne tulikuwa tumebaki na asilimia 81. Kisha ukashuka polepole hadi 60, na kwenye sekunde ya ishirini na mbili ukaanguka tena. Sekunde ya thelathini tulikuwa 43, ya arobaini na saba 36. Baada ya hapo, ajabu, ukalala. Dakika nne nzima ulipoteza asilimia saba tu, na kwenye 5:06 ukapanda kidogo badala ya kushuka.

"Mjomba," mpwa akauliza, "bando huwa linaisha kwa wote sekunde moja?"

Nilinyamaza. Bando likiwa tatizo, linamwondoa huyu hapa na yule pale, na mstari unateremka kwa ulaini. Ukianguka mahali pamoja, kuna kitu mahali pale. Na mara nyingi kitu chenyewe kiko sekunde moja au mbili nyuma ya pale panapoanguka, kwa sababu mtu huchoka kwanza, kisha kidole kinasogea.

Tukairudisha video tukaitazama tukiwa tumeshika saa. Sekunde nane za kwanza zilikuwa nembo ya chaneli inazunguka na ngoma. Hadi ya ishirini, jua linachomoza kule Igombe, mtumbwi unapita. (Nililipa nauli ya alfajiri kwa ajili ya jua lile. Nilikuwa tayari kulitetea mahakamani.) Kutoka ishirini hadi arobaini na saba nilikuwa mimi mwenyewe: habari zenu, karibuni tena, kama ni mara yako ya kwanza sabskraibu, bonyeza kengele, leo nitawaonyesha. Mama na dagaa wake waliingia baada ya hapo, yaani pale mstari ulipolala.

Ile 5:06 ilikuwa bakuli. Mstari hupanda pale watu wanaporudia kipande au wanaporuka vingine ili wakifikie. Walikuwa wanalitafuta bakuli.

"Hawa wamekuja kutafuta mchanga," mpwa akasema. "Wewe unawaonyesha jua."

Ngazi ya kwanza ndiyo ilituchelewesha. Katika sekunde nne sikuwa nimesema lolote la kuudhi. Mpwa ndiye aliyeigundua alipoitazama thamneli, ile picha ndogo ya kubonyezwa: nilikuwa nimeweka sahani ya dagaa wa kukaangwa na ugali. Aliyebonyeza pale alitaka mapishi. Alipoona nembo inazunguka, akajua si penyewe.

Sikubadilisha vyote kwa pamoja, maana nisingejua kilichoponya ni kipi. Nilianza na thamneli peke yake: bakuli jeupe, mchanga chini, kidole cha mama. Nikasubiri wiki mbili, kisha nikaisoma grafu kwa tarehe za baada ya mabadiliko tu. Sekunde ya nne sasa ilikuwa asilimia 90. Waliobonyeza walikuwa wachache kuliko zamani, hilo sifichi. Sahani ya ugali inavutia kuliko mchanga. Ila ile ngazi ya sekunde ishirini na mbili ilikuwa pale pale, haijatikisika. Kwa hiyo kosa la pili lilikuwa langu mdomoni.

Nilitaka kulileta bakuli mbele. Haikuwezekana: kihariri cha YouTube kinaweza kukata kipande cha video iliyokwisha kupanda, lakini hakiwezi kukihamisha wala kuongeza kipya. Nikaiacha video ile kama ilivyo, nikaelekeza akili kwenye iliyofuata, ya kutambua sangara aliyelala sokoni.

Hapo ndipo nilipopata shida ambayo grafu haikuwa na jibu lake. Kuanza kuzungumza na watu bila kuwasalimu ni kama kuingia nyumba ya mtu bila kupiga hodi. Niliandika mwanzo usio na salamu, nikaufuta, nikaandika tena. Mwishowe nilianza na kidole changu kikiinua kifuniko cha shavu la samaki na matamvua yakionekana, nikisema, "Huyu amegeuka kahawia, mrudishe." Kisha wa pili, mwekundu. Salamu iliingia sekunde ya kumi na nane, sentensi moja, mikono ikiendelea na kazi. Nembo nikaitoa kabisa. Ombi la kusabskraibu nikalipeleka mwisho, kwa waliobaki.

Sangara alikuwa na dakika sita, kwa hiyo sikulinganisha wastani wa video nzima. Fupi huonekana nzuri kwa sababu ni fupi. Nililinganisha sekunde ya thelathini kwa sekunde ya thelathini. Dagaa 43, sangara 64. Mstari ulishuka bado, na pale salamu ilipoingia palikuwa na kibonde kidogo, ila ngazi haikuwepo.

Wiki chache baadaye nilirudi Mwaloni kununua. Yule mama alikuwa ameziona zote mbili kwenye simu ya mwanawe. Alinipimia sado, akaongeza konzi, akanitazama.

"Sangara umemtanguliza, sisi ukatusalimu baadaye," akasema. "Ulilelewa wapi wewe?"

Nikamwamkia. Shikamoo ndefu.